Ushuru wa korosho ghafi hauonekani kwenye malipo ya mkulima. Je, ni kweli anaulipa mnunuzi?

Mwenye Mikorosho
Wakuu habari za leo. Naomba tujadili jambo linalonisumbua kila msimu.

Tukipeleka korosho chama cha msingi, baada ya mnada tunapata mchanganuo wa malipo. Pale naona makato yote: chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri na mengine ambayo tumezoea kuyalalamikia. Lakini ule ushuru mkubwa wa kuuza korosho ghafi nje ya nchi haupo kwenye karatasi yetu hata kidogo. Kwenye mikutano tunaambiwa, "Huo haukuhusu mkulima, huo analipa mnunuzi bandarini." Mwaka jana mjomba wangu aliuliza swali hilo hilo na akajibiwa hivyo hivyo, watu wakapiga makofi, kikao kikaendelea.

Mimi sijaridhika. Mnunuzi ni mfanyabiashara, hawezi kulipa fedha hiyo kutoka mfukoni kila mwaka halafu akarudi tena. Kuna mtu humu anajua hasa inavyokwenda?

Mzee wa Halmashauri
Kijana, hapo unachanganya mambo. Ushuru wa mazao ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara, ulishushwa mwaka 2017 kutoka 5. Unakwenda halmashauri, ndio unaojenga zahanati na madarasa. Na sheria iko wazi kwamba anaulipa mnunuzi. Msipotoshe wakulima.

Mwenye Mikorosho
Shikamoo mzee. Nashukuru, lakini huo ni mwingine. Ninaouliza mimi ni ule wa Serikali Kuu unaotozwa korosho ghafi zinapotoka nchini. Asilimia 15.

Karani wa Mnada
Naomba nichangie, maana kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kumpigia hesabu mnunuzi mmoja wa korosho kabla hajatumbukiza zabuni. Nitaeleza hesabu ile inavyofanywa, na nadhani jibu la mwenye uzi litaonekana lenyewe.

Mnunuzi haanzi na bei ya mkulima. Anaanza na bei ambayo mteja wake India au Vietnam amekubali kulipa korosho zikiwa melini. Hiyo hawezi kuibadilisha. Kuanzia hapo anarudi nyuma hatua kwa hatua: anatoa ushuru, anatoa gharama za bandari, lori kutoka ghalani, magunia, riba ya benki kwa muda ambao fedha zake zimelala, upungufu wa uzito, mwisho anatoa faida yake. Kinachobaki ndiyo bei ya juu kabisa anayoweza kuandika kwenye zabuni. Akizidisha hapo, anapata hasara.

Kwa hiyo zabuni inapofunguliwa na bei ikasomwa mbele ya wakulima, ushuru umeshatolewa tayari. Kwenye mchanganuo wenu hauonekani kwa sababu bei yenyewe imekuja ikiwa imepungua. Anayepeleka fedha serikalini ni mnunuzi, hilo ni kweli, na risiti anayo. Ila mzigo ameshaushusha kwenye zabuni.

Bint Saidi
Asante Karani, umeeleza vizuri. Mimi naongezea tu kwamba huo ushuru ndio ulioua msimu wa 2018/19. Mnakumbuka wakulima walivyogoma minadani, serikali ikaingilia, Rais Magufuli akaagiza korosho zinunuliwe kwa shilingi 3,300 na jeshi likaja kuzibeba. Miezi michache kabla Bunge lilikuwa limebadili sheria ya ule ushuru. Kabla yake msimu wa 2017/18 tulivuna tani zaidi ya laki tatu na bei ilipita 4,000. Ushuru ukaguswa, bei ikaanguka. Uhusiano uko wazi.

Karani wa Mnada
Dada Bint Saidi, hapo naomba tutofautiane kidogo. Mwaka 2018 kiwango cha ushuru hakikubadilika. Kilichobadilishwa ni fedha inakokwenda. Mwanzo asilimia 65 ya makusanyo ilirudi kuendeleza zao la korosho na 35 ilibaki Hazina. Baada ya mabadiliko yale, yote ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Bei ya mnada ilianguka kwa sababu bei ya dunia ilianguka mwaka ule. Mnunuzi analipa kiasi kile kile, iwe fedha inaishia Hazina au inarudi kama salfa ya kupulizia mikorosho, kwa hiyo zabuni yake haibadiliki.

Ila hukukosea kila kitu, na ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria haisemi asilimia 15 peke yake. Inasema asilimia 15 ya bei ya melini *au* dola 160 kwa tani, kipi ni kikubwa. Hayo maneno ya mwisho yana uzito sana mwaka wa bei mbaya.

Chukueni mfano wa tani moja, namba za gharama ni za kukadiria tu ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme bei ya melini ni dola 1,400. Ushuru wa asilimia 15 ni dola 210. Gharama na faida ya mnunuzi tuziite dola 140. Zabuni yake haiwezi kuzidi 1,050. Makato ya vyama na ghala tuyaite 100, mkulima anabaki na 950. Bila ushuru angebaki na 1,160. Kwa hiyo amepoteza asilimia 18, wala si 15. Sababu ni kwamba gharama za njiani hazipungui kwa ajili ya ushuru. Ushuru unapigwa kwenye bei yote ya melini lakini unatolewa kwenye kile kipande kinachobaki cha mkulima.

Sasa bei ianguke hadi dola 800. Asilimia 15 yake ni 120, lakini sheria inachukua kikubwa, yaani 160. Toa 160, toa 140, zabuni ni 500. Toa makato 100, mkulima ana 400. Bila ushuru angekuwa na 560. Hapo amepoteza karibu asilimia 29.

Mstari unaotenganisha ni karibu dola 1,067. Juu yake mnatozwa kwa asilimia. Chini yake mnatozwa dola 160 zile zile hata bei iporomoke vipi, kwa hiyo mwaka ambao mkulima ameumia zaidi ndio mwaka anaotozwa sehemu kubwa zaidi.

Mwenye Mikorosho
Mkuu nimeisoma hesabu hii mara mbili. Kumbe karatasi yetu inaonyesha makato madogo tu, yale ya mia, na sisi miaka yote tunagombana na katibu wa chama juu ya hayo. Na lile la 210 halijawahi kujadiliwa.

Bint Saidi
Nimekubali kuhusu kiwango. Lakini sikubali kwamba fedha inakokwenda si hoja. Ile asilimia 65 ndiyo iliyokuwa inatusaidia kupata salfa na viuatilifu. Mkorosho usiopulizwa salfa unashikwa na ubwiriunga, maua yanakauka, huvuni kitu. Kama ushuru unatoka kwangu, basi kurudi kwake shambani ni bei pia, ila inakuja kwa njia ya kilo. Hesabu yako Karani inaangalia bei ya kilo moja, haiangalii kilo ngapi nimevuna.

Karani wa Mnada
Hoja hiyo naipokea yote, dada. Mimi nilikuwa nahesabu zabuni tu.

Mchimba Mdogo
Wakuu, mimi ni wa dhahabu, niwape upande wetu. Sisi hatuna ushuru wa kuuza nje wa namna hiyo, tuna mrahaba asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019 tunakatwa palepale sokoni na tunaona kwa macho. Bei ya dunia imebandikwa ukutani, unajua gramu yako ni kiasi gani kabla ya makato. Mkulima wa korosho hana kitu kama hicho.

Tofauti nyingine ni hii. Kabla ya 2019 mchimbaji mdogo alidaiwa pia kodi ya zuio asilimia 5 na VAT asilimia 18. Mnajua kilichotokea? Dhahabu haikupita njia rasmi. Kilo moja ya dhahabu inaingia mfukoni. Mnunuzi wa magendo alikuwa anatoa bei nzuri kuliko mwenye leseni kwa sababu yeye hakuwa na kodi ya kupunguza. Kodi zile mbili zilipoondolewa, watu wakaanza kuja sokoni. Kwa hiyo kwenye madini mchimbaji ana mlango wa kutokea, na serikali inalijua hilo. Gunia la kilo 80 la korosho unaliweka mfuko gani?

Jirani wa Ruvuma
Mchimba Mdogo, usifikiri korosho hazivuki. Huku mpakani ushuru na bei za pande mbili zikitofautiana, magunia yanatembea usiku. Msimu mmoja yanakwenda huku, msimu mwingine kule. Msumbiji nao wana ushuru wao wa korosho ghafi, asilimia 18 hadi 22, kwa hiyo mara nyingi yanakuja upande wetu. Na ndani ya nchi kuna kangomba. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule anauza kwa bakuli kabla ya mnada kwa nusu ya bei. Huyo hata ushuru ukifutwa kesho hatapata kitu, atafaidika kangomba.

Mbanguaji
Naona mjadala unaelekea kwenye kufuta ushuru, na sisi wenye viwanda vidogo vya kubangua tuseme basi.

Ushuru ule unatozwa korosho ghafi tu. Nikibangua na kuuza karanga zake nje, silipi. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha tangu mwanzo, kwamba kazi ya kubangua ibaki nyumbani. Ili nipate tani moja ya karanga nahitaji tani nne hadi tano za korosho ghafi. Ukichukua dola 210 za mfano wa Karani mara nne na nusu, ni kama dola 945 za nafuu kwa kila tani ya karanga. Bila hiyo nafuu, nashindana uso kwa uso na viwanda vya Vietnam ambavyo vina mashine zinazokata mchana na usiku. Mimi nina kina mama waliokaa kwenye mabenchi. Ushuru ukifutwa nafunga siku hiyo hiyo.

Mwenye Mikorosho
Dada Mbanguaji (samahani kama ni kaka), nakuelewa na sitaki kina mama wale wakose kazi. Lakini kama wewe hulipi ushuru, kwa nini mnadani huniongezi bei? Unayo nafasi ya dola 210 kumzidi mnunuzi wa nje. Ningekuuzia wewe kwa furaha.

Karani wa Mnada
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Jibu ni kwamba bei ya mnada inawekwa na mnunuzi wa mwisho anayehitajika ili mzigo wote uishe. Kama wabanguaji wangekuwa na uwezo wa kununua mzigo wote, wangelazimika kushindana wao kwa wao, na ile nafuu ingeishia kwa mkulima. Lakini wananunua sehemu ndogo. Sehemu kubwa lazima ichukuliwe na wanaopeleka ghafi nje. Kwa hiyo mbanguaji anahitaji kumpita muuzaji wa nje kwa kidogo tu. Ameshapata mzigo. Hana sababu ya kuongeza dola 200 nyingine.

Matokeo yake ni kwamba bei ya mkulima inashuka kwa ushuru wote, kwenye kilo zinazokwenda nje na hata kwenye kilo zinazobaki kubanguliwa. Za nje fedha inakwenda serikalini. Za ndani fedha inabaki kwa mwenye kiwanda.

Mbanguaji
Inabaki kwa mwenye kiwanda? Karani, njoo ukae ofisini kwangu mwezi wa kumi na moja. Mnada unafunguliwa Oktoba na mzigo mzuri umeisha ndani ya miezi mitatu. Ili kiwanda kifanye kazi mwaka mzima lazima ninunue korosho za miezi kumi na miwili kwa fedha taslimu, malipo yanadaiwa ndani ya siku chache. Benki inanikopesha kwa riba ambayo mshindani wangu wa Vietnam hajawahi kuiona, tena yeye ananunua kwetu Oktoba, akimaliza ananunua Afrika Magharibi kuanzia Februari. Mimi nimefungwa na msimu mmoja. Ile nafuu ya dola 945 nusu yake inaliwa na riba na korosho zinazonyauka ghalani. Ndiyo maana viwanda vingi vimefungwa ingawa ushuru upo miaka yote. Ushuru peke yake haukutosha.

(Na ni dada, usijali.)

Msomi wa Mazao
Nimefuatilia kimya, naomba nilete kisa cha Msumbiji kwa sababu wao walifanya jaribio ambalo mwenye uzi analitamani.

Miaka ya 1990, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, Msumbiji iliondoa marufuku ya kuuza korosho ghafi na kupunguza ushuru wake hadi asilimia 14. Nadharia ilikuwa hii hii ya Karani: ushuru ukishuka, bei ya mkulima itapanda. Baadaye Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch walipima kilichotokea. Bei ya mkulima ilipanda, ndiyo. Lakini faida halisi kwa wakulima wote pamoja haikuzidi takriban dola milioni 5.3 kwa mwaka, yaani kama dola 5.30 kwa kaya inayolima korosho. Sehemu nzuri ya kilichoachiliwa ilibaki kwa wafanyabiashara wa kati. Na viwanda vya kubangua vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mwishoni mwa muongo ule Bunge lao likapandisha ushuru tena, ndiyo hiyo 18 hadi 22 aliyoitaja Jirani wa Ruvuma.

Kwa hiyo hesabu ya Karani ni sahihi pale ambapo wanunuzi ni wengi na wanashindana kweli. Wakiwa wachache na wanajuana, ushuru ukishuka dola 200 wanaongeza zabuni kwa 80 na wanabaki na 120.

Karani wa Mnada
Nakubaliana, ila Msumbiji ya wakati ule haikuwa na mnada wa stakabadhi ghalani. Mfanyabiashara alikuwa anakutana na mkulima mmoja mmoja kijijini. Zabuni zinazofunguliwa hadharani ni tofauti. Naamini kwetu sehemu kubwa zaidi ingemfikia mkulima.

Msomi wa Mazao
Unaamini, lakini hatujapima. Wanunuzi wangapi wanaingia kwenye mnada wa mwisho wa msimu? Nimeona minada ya zabuni tatu.

Na kuna upande mwingine. Korosho zetu zinatoka wakati India na Afrika Magharibi hawana mzigo mpya. Kiwanda cha nje kinachotaka korosho mpya mwezi Novemba hakina pa kwenda isipokuwa kwetu na Msumbiji. Katika miezi hiyo inawezekana sehemu ya ushuru inabebwa na mnunuzi wa nje kwa kulipa zaidi melini. Karani umeanza kwa kusema bei ya melini haibadiliki. Mimi nasema kwa zao hili, kwa miezi hii, inaweza kubadilika kidogo.

Karani wa Mnada
Kidogo, sawa. Mteja wa nje alikuwa na mzigo wa akiba kila nilipojaribu kumbana.

Mzee wa Halmashauri
Nimesoma yote, na nakiri nilijibu swali ambalo kijana hakuuliza. Sasa niulize na mimi. Huko duniani kuna nchi iliyoweka ushuru wa kupanda na kushuka kufuata bei, badala ya hii dola 160 isiyosikia?

Msomi wa Mazao
Ipo mzee. Argentina mwezi Machi 2008 waliweka ushuru wa soya unaopanda kadiri bei ya dunia inavyopanda. Kwa upande wa bei mbaya ulikuwa na huruma kuliko wetu, lakini juu ulimeza karibu nyongeza yote. Wakulima walifunga barabara kwa miezi. Seneti ikagawanyika nusu kwa nusu, na Makamu wa Rais Julio Cobos mwenyewe akapiga kura ya kuukataa, mwezi Julai. Kwao kila mtu alijua ushuru ni wa mkulima, hakuna aliyesema ni wa mnunuzi.

Bint Saidi
Basi kwetu pa kuanzia si kufuta ushuru wote. Ni hayo maneno "kipi ni kikubwa". Yakitolewa, kiwanda cha dada Mbanguaji bado kina asilimia 15 yake, na mwaka wa dola 800 mkulima anaokoa dola 40 kwa tani.

Mbanguaji
Mwaka wa dola 800 ndio mwaka ambao karanga nazo zimeanguka na mimi nahitaji kinga zaidi. Lakini nasikia. Kama zile fedha zingerudi kama mkopo wa riba nafuu wa kununulia mzigo, ningekubali hata asilimia 10.

Mwenye Mikorosho
Nitaomba jambo moja kwenye mkutano wa chama msimu ujao: siku ya mnada ibandikwe bei ya melini ya wiki hiyo na ushuru wake kwa kilo, juu ya mchanganuo wetu, kama wanavyobandikiwa wenzetu wa dhahabu. Karani, bei hiyo ya melini mkulima anaipata wapi?

Karani wa Mnada
Mnunuzi hatakupa. Lakini ushuru ukishalipwa, thamani iliyotumika kuukokotoa inabaki kwenye nyaraka za forodha, na Bodi ya Korosho ndiyo inayotoa vibali vya kuuza nje. Waombeni wastani wa wiki, msiombe wa mnunuzi mmoja mmoja, kwa sababu huo watasema ni siri ya biashara. Na uangalie jambo moja: thamani iliyoandikwa forodhani ikiwa chini sana kuliko inavyolingana na bei ya mnada pamoja na gharama, kuna mtu amepunguza bei kwenye karatasi ili alipe ushuru mdogo. Hapo mtakuwa mmeshika jambo ambalo hata Hazina watataka kulisikia.

Jirani wa Ruvuma
Karani, na mzigo uliovuka usiku mtauhesabu vipi?

Karani wa Mnada
Huo hauna karatasi, mkuu. Sina jibu.